Sura ya Tano bila kujipigia debe wala kuomba radhi: kuandika upya mchango na upungufu wa tasnifu

Kila msimu wa kutetea tasnifu ukipita, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Mwalimu, mtahini amesema Sura ya Tano niiandike upya. Nianzie wapi?" Nikiomba kuona ripoti ya mtahini, nakuta maoni mawili ambayo mwanafunzi anaona yanagongana. Ukurasa mmoja ameandikiwa kwamba anadai kuliko data yake inavyoruhusu. Ukurasa unaofuata ameulizwa mbona anaomba radhi.

Hayagongani. Mtu ambaye hajakaa akahesabu alichopata huijaza nafasi hiyo kwa sifa, kisha sifa zenyewe zinamtia hofu, anazifunika kwa majuto. Kwa hiyo dawa ni moja kwa yote mawili, na ndiyo nitakayoieleza hapa.

Ninazungumza na wewe unayeandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili hapa Uganda, kwa mpangilio wa sura tano ambao idara nyingi huutumia, wenye muhtasari, hitimisho na mapendekezo katika sura ya mwisho. Sitagusa sura nzima. Nitakaa kwenye mambo mawili yanayorudisha watu nyuma: kusema umechangia nini, na kusema kazi yako inaishia wapi.

Uwe na nini mezani

- Malengo mahususi ya utafiti wako kama yalivyo katika Sura ya Kwanza, uyanakili kwenye karatasi moja.
- Sura ya Nne iliyochapishwa, yenye namba za kurasa. Kwenye skrini utaruka mambo.
- Sura ya Pili, hasa kurasa unazosema watafiti waliotangulia walifanya nini.
- Ripoti ya mtahini, kama umeshatetea.
- Karatasi tupu na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Asubuhi mbili. Ya kwanza ya kuhesabu, ya pili ya kuandika. Ukizibana katika siku moja utaanza kuandika kabla hujamaliza kuhesabu.

Usipeleke chochote kujalidiwa Wandegeya kabla ya kumaliza. Jalada gumu likishabandikwa herufi za dhahabu, kila kosa linakuwa la kudumu, na pesa hairudi.

Mfano tutakaoutumia

Nimeutunga mimi, lakini hauko mbali na tasnifu ambazo nimesoma. Mwanafunzi wetu amechunguza herufi l na r katika insha za Kiswahili za wanafunzi wa S2 katika shule mbili za Mukono. Wanafunzi ni 48, kila mmoja ameandika insha mbili, jumla insha 96. Amepata makosa 214 ya kuandika l mahali pa r au r mahali pa l.

Kwa msomaji asiyejua Luganda: katika lugha hiyo l na r hazishindani, zinagawana nafasi. Baada ya e na i huja r, kwingine huja l. Tazama neno *omuliro*, yaani moto. Baada ya u kuna l, baada ya i kuna r, zote ndani ya neno moja. Katika Kiswahili herufi hizo hubadili maana: *kula* si *kura*, na *kalamu* si *karamu*.

Sura yake ya Tano ilikuwa na aya hii:

> Utafiti huu umethibitisha kwamba wanafunzi wa Uganda hawawezi kutamka l na r kwa sababu ya athari ya lugha mama. Huu ni utafiti wa kwanza wa aina yake na umetoa mchango mkubwa sana katika taaluma ya isimu. Matokeo yake yatawanufaisha wadau wote wa elimu na kuisaidia serikali kutekeleza uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 kuhusu Kiswahili. Hata hivyo, kwa bahati mbaya, mtafiti alikabiliwa na uhaba wa fedha na muda, mvua nyingi, na baadhi ya watafitiwa kukosa ushirikiano. Licha ya hayo, mtafiti alijitahidi kwa uwezo wake wote na matokeo ni ya kuaminika.

Isome mara mbili. Ukiacha mwaka 2022, hakuna hata namba moja ndani yake. Ukiikata ukaibandika kwenye tasnifu ya mtu mwingine aliyechunguza jambo jingine, itakaa vizuri baada ya kubadili maneno matatu manne. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na kinafaa hata kabla ya kufungua kalamu.

Hatua ya 1. Weka sura ya zamani kando, uanze na hesabu

Usiisahihishe aya ya zamani. Ukianza kufuta neno hapa na kuongeza neno pale, mifupa ya majigambo inabaki. Chukua karatasi tupu, uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika lengo mahususi. Ya pili, ulichokipata kuhusu lengo hilo, pamoja na namba na ukurasa wa Sura ya Nne. Ya tatu, waliotangulia walisema nini juu ya jambo hilohilo, pamoja na ukurasa wa Sura ya Pili.

Kwa mwanafunzi wetu, safu ya pili ilitoka hivi. Makosa 131 ni ya kuandika r baada ya e au i mahali Kiswahili kinapotaka l: *erimu*, *mbiri*, *kirimo*, *mbere*. Makosa 58 ni ya kuandika l mahali pengine ambapo Kiswahili kinataka r: *balua*, *lafiki*, *balabala*, na mmoja aliyeandika kwamba wazazi wake "walikwenda kupiga kula". Makosa 25 hayafuati mtindo huo, kwa mfano *karamu* kwa maana ya kalamu, ambapo Luganda yenyewe ingetaka l.

131 na 58 ni 189. Kwa hiyo makosa 189 kati ya 214 yanaelekea kule kule ambako kanuni ya Luganda inaelekea. Hili alikuwa nalo tangu Sura ya Nne, jedwali la tatu, lakini halikuingia kabisa katika hitimisho lake. Alikuwa na dhahabu mfukoni, akasimama barabarani anauza maneno.

Safu ya tatu nayo ikamwonyesha kwamba kazi alizozipitia zilisema tu kwamba wanafunzi "huchanganya" l na r. Tofauti yake na wao sasa inaonekana kwa macho: wao walisema kuna mchanganyiko, yeye ameonyesha mchanganyiko huo una mwelekeo.

*Onyo.* Safu ya pili ikibaki tupu mbele ya lengo fulani, usiijaze kwa maneno. Ama lengo hilo hukulijibu, na useme hivyo, ama jibu liko Sura ya Nne na hukulitambua. Rudi ukasome.

Hatua ya 2. Kila mchango, sentensi moja yenye vitu vitatu

Sentensi ya mchango ibebe mambo matatu: umeonyesha nini, kutokana na data ipi, na hilo linatofautianaje na kilichokuwa kinajulikana. Kimoja kikikosekana, sentensi inaanza kuelea.

Mwanafunzi wetu aliandika: "Katika insha 96 za wanafunzi 48 wa S2 wa shule mbili za Mukono, makosa 189 kati ya 214 ya l na r yanafuata mgawanyo wa l na r wa Luganda, ilhali kazi zilizopitiwa zimeyaeleza kama mchanganyiko tu." Aliponipa alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mbona inaonekana ndogo?" Nikamwuliza kama kuna mtu anayeweza kuipinga. Akafikiri, akasema labda mtu aende na insha nyingine akahesabu. Basi imetosha. Sentensi ambayo mtu anahitaji kwenda uwanjani ili kuipinga ni sentensi ya mtafiti.

Michango miwili au mitatu inatosha kwa uzamili. Mchango wake wa pili ulikuwa yale makosa 25 yasiyofuata kanuni. Alitaka kuyaficha, akidhani yanaharibu hoja. Kinyume chake, ndiyo yanayomwonyesha msomaji kwamba hakulazimisha data, na yanampa mtafiti anayefuata mahali pa kuanzia: je, mtoto anayeandika *karamu* ameshaonywa mara nyingi kuhusu l hadi anaikimbia hata inapofaa?

Sasa lile neno "wa kwanza". Lifute. Ili uliseme kwa haki ungehitaji kuwa umesoma kila kazi iliyowahi kuandikwa, zikiwemo tasnifu zilizolala kwenye rafu za maktaba bila kuingizwa mtandaoni. Unachoweza kufanya ni kutafuta kwenye hifadhi za vyuo, kwa mfano Mak IR ya Makerere na KyUSpace ya Kyambogo, na utafute kwa Kiingereza pia, maana kazi kuhusu Kiswahili cha Uganda si lazima ziwe zimeandikwa kwa Kiswahili. Baada ya hapo andika tu: "Katika kazi zilizopitiwa Sura ya Pili, hakuna iliyotenganisha makosa haya kwa kufuata irabu inayotangulia." Ni kweli, inathibitika, na hakuna mtahini atakayekuletea tasnifu ya mwaka 1994 kukuaibisha mbele ya jopo.

Hatua ya 3. Kagua vitenzi, hasa viambishi vya wakati

Kwa maoni yangu hapa ndipo tasnifu za Kiswahili zinapodanganya bila mwandishi kujua, kwa sababu lugha yetu inaweka dai ndani ya kiambishi kidogo.

Anza na *hu-*. "Wanafunzi Waganda hukosea l na r" ni dai juu ya mazoea ya watu wote, siku zote. "Wanafunzi wanakosea" ni pana pia. "Wanafunzi hawa walikosea" ni jambo ulilolishuhudia. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: ulichokiona kiandikwe kwa *-li-*, maana unayoipa iandikwe kwa *-na-*, na *hu-* uiache mpaka uwe na data ya kuibeba. Nomino tupu nayo ina hila yake. "Wanafunzi" peke yake humaanisha wote, lakini "wanafunzi hawa" au "wanafunzi 48 wa utafiti huu" haimpi mtu nafasi ya kukushika shati.

Kisha tafuta *-ta-*. Sentensi kama "matokeo yatawanufaisha" karibu kila mara zimehama kutoka kwenye pendekezo la utafiti, pale palipoitwa Umuhimu wa Utafiti. Wakati ule ulikuwa unaomba ruhusa, ukaahidi. Sasa kazi imekwisha, na ahadi haina kazi tena. Bonyeza `Ctrl+F`, andika `saidia`, halafu `nufaisha`, halafu `changia`, uone ngapi zenye *-ta-* zimebaki. Katika tasnifu moja nilihesabu kumi na moja ndani ya kurasa sita.

Mimi mwenyewe sikusalimika. Katika tasnifu yangu niliandika kwamba matokeo "yatawanufaisha wadau wote wa elimu". Mtahini alilizungushia neno "wote" kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika: "Hata wapishi?"

Mwisho, pima nguvu ya kitenzi chenyewe. *Kuthibitisha* ni kizito kuliko vyote, kiache kwa jambo ambalo umeziba njia nyingine zote za kulieleza. *Kuonyesha* kinafaa pale hesabu yako inapoonekana wazi kwenye jedwali. *Kuashiria* ni pale data inaelekeza upande fulani bila kufika. *Kudokeza* ni pale una mifano michache tu. Kwa mwanafunzi wetu, ulingano wa makosa 189 na kanuni ya Luganda *umeonyeshwa*. Kwamba Luganda ndiyo *chanzo*, hilo data *inaashiria* tu. Kwa nini, tutaona hatua inayofuata.

*Onyo.* Usikimbilie upande wa pili ukajaza "huenda", "labda" na "kwa kiasi fulani" kila sentensi. Neno moja la tahadhari kwa dai moja linatosha. "Huenda data kwa kiasi fulani inaweza kudokeza" ni mtu anayetetemeka.

Hatua ya 4. Tenganisha mipaka, changamoto na upungufu

Chukua kila kitu ulichokuwa umekiita upungufu, ukipange katika mafungu matatu.

*Mipaka* ni ulichoamua mwenyewe kabla ya kuanza: shule mbili, S2 tu, l na r tu. Mahali pake ni Sura ya Kwanza. Huombi radhi kwa kuchagua.

*Changamoto* ni taabu ulizopata: mvua, nauli ya boda, mwalimu mkuu aliyekuambia urudi wiki ijayo mara tatu. Kama idara yako inazitaka, ziweke Sura ya Tatu, kwa ufupi, na useme ulizitatuaje. Mvua haina habari na l na r. Najua kwamba kila mtu huiandika. Karibu kila tasnifu ninayosoma ina mvua, nami hujiuliza kama kuna mtu aliyewahi kufanya utafiti Uganda wakati wa kiangazi.

*Upungufu* ni kitu kimoja tu: jambo katika data au mbinu yako linalopunguza unachoweza kudai. Ili kulitambua, jiulize: kama jambo hili lisingekuwepo, je, hitimisho langu lingeweza kubadilika? Jibu likiwa hapana, si upungufu. Fedha zikiwa zimekwisha ukahoji watu 20 badala ya 60, upungufu ni wale 20. Pochi yako haimhusu msomaji.

Baada ya kupanga, mwanafunzi wetu alibaki na mambo matatu, na hakuna hata moja lililokuwemo katika aya yake ya zamani.

La kwanza ni kwamba data yake ni maandishi, wala hakumrekodi mtu yeyote. Aya ilidai wanafunzi "hawawezi kutamka", lakini mtoto anaweza kuandika *mbiri* na kutamka vizuri, au kuandika *mbili* na kutamka vibaya. Hapa upungufu haukuhitaji hata kuelezwa kwa urefu. Ulihitaji kwanza kulifuta neno *kutamka* kila lilipoonekana, hadi kwenye ikisiri.

La pili, hakuwa na kundi la kulinganisha. Wanafunzi wote 48 wanaishi na kusoma Mukono, ambako Luganda iko sokoni, kanisani na uwanjani, hata kwa mtoto ambaye nyumbani anaongea lugha nyingine. Hajui kama wanafunzi wa Arua au Lira, ambao hawajakulia kwenye Luganda, wangeandika makosa yaleyale. Wakiandika vilevile, basi chanzo kitakuwa kitu kingine. Ndiyo maana chanzo *kinaashiriwa* tu.

La tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu wengi hawalioni. Alihesabu makosa 214, lakini hakuhesabu ni mara ngapi l na r ziliandikwa sawasawa. Kwa hiyo hawezi kusema makosa ni mengi au machache. Makosa 214 kati ya 500 ni janga. Kati ya 10,000 ni vumbi. Vilevile hawezi kusema kwamba kosa la r baada ya e au i (131) ni rahisi kutokea kuliko lile la l (58), maana pengine maneno yenye *-ili-* na *-ele-* yalikuwa mengi zaidi kwenye insha hizo.

*Onyo.* Kabla ya kuandika upungufu, jiulize kama unaweza kuuondoa. Kama insha bado ziko kwako, kuhesabu l na r zilizo sahihi katika insha 96 fupi ni kazi ya siku tatu, na ni heri siku tatu kuliko sentensi ya kukiri. Wa mfano wetu alikuwa amezirudisha insha shuleni akabaki na orodha ya makosa tu, ndiyo maana hakuwa na njia.

Hatua ya 5. Andika upungufu kwa sentensi mbili, kisha nyamaza

Sentensi ya kwanza iseme ni nini. Ya pili iseme ni hitimisho gani linaguswa, na kwa namna gani. Baada ya hapo weka nukta.

Ugumu uko kwenye kunyamaza. Mkono unataka kuongeza "hata hivyo, matokeo ni ya kuaminika" au "licha ya hayo, mtafiti alijitahidi". Tumelelewa hivyo: ukienda kwa mkubwa unaanza na kujishusha, na adabu hiyo ni nzuri sebuleni. Katika tasnifu inamchanganya msomaji, kwa sababu hajui tena kama tatizo unalolisema ni la kweli au ni heshima tu. Futa "kwa bahati mbaya". Futa "mtafiti hakubahatika". Futa "hata hivyo" yoyote inayofuatwa na faraja.

Pia usikusanye upungufu wote mwishoni mwa sura kama orodha ya madeni. Uweke jirani na mchango unaouhusu. Msomaji anayesoma dai la Luganda aone palepale kwamba hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kama mwongozo wa idara unalazimisha kichwa cha Upungufu wa Utafiti, kiwe nacho, lakini ndani yake rejelea kila mchango kwa namba yake.

Hii hapa aya mpya, baada ya asubuhi mbili:

> Utafiti huu umeorodhesha makosa 214 ya l na r katika insha 96 zilizoandikwa na wanafunzi 48 wa S2 wa shule mbili za Mukono. Makosa 189 yanafuata mgawanyo wa l na r wa Luganda: r iliandikwa baada ya e au i (131), na l mahali pengine (58). Kazi zilizopitiwa Sura ya Pili zimeyaeleza makosa haya kama mchanganyiko. Matokeo haya yanaonyesha kwamba katika insha hizi mchanganyiko huo una mwelekeo. Yanaashiria athari ya Luganda, lakini hakukuwa na kundi la wanafunzi waliokulia nje ya eneo la Luganda, kwa hiyo utafiti hauwezi kuondoa uwezekano wa chanzo kingine.
>
> Makosa 25 hayafuati mgawanyo huo, nayo yameorodheshwa yote katika kiambatisho. Utafiti huu hauna maelezo yake.
>
> Data ni ya maandishi, na hitimisho linahusu tahajia pekee. Matumizi sahihi ya l na r hayakuhesabiwa. Kwa hiyo 214 ni idadi ya makosa, na haiwezi kutumika kusema wanafunzi hawa walikosea kwa kiwango gani.

Tazama ile sentensi "Utafiti huu hauna maelezo yake." Alipinga sana kuiandika. Siku ya kutetea, ndiyo aliyoulizwa maswali mazuri kuliko yote.

Hatua ya 6. Pitisha mapendekezo kwenye chujio hilohilo

Kwa kila pendekezo, chora mstari hadi kwenye mchango uliolizaa. Lisilo na mstari litoke. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, kikawekwa kuwa somo la lazima S1 na S2 katika mtaala mpya ulioanza 2020, na Baraza la Mawaziri likakiidhinisha Julai 2022. Hayo yote ni usuli mzuri kwa Sura ya Kwanza. Lakini insha 96 haziiambii serikali itekeleze nini.

Zinaweza kumwambia nani, basi? Mwalimu wa S1 au S2 katika shule zinazofanana na hizi: ajaribu kufundisha l na r kwa kuonyesha irabu inayotangulia, akianza na maneno kama *elimu*, *mbili* na *barua*, badala ya kusahihisha neno mojamoja. Na mtafiti anayefuata: arudie hesabu hii Arua au Lira, ahesabu na matumizi sahihi. Mapendekezo mawili. Yamekwisha.

Kisha rudi kwenye ikisiri uhakikishe haidai kitu ambacho Sura ya Tano imekiacha. Watu wengi hurekebisha sura wakasahau ikisiri, na mtahini huianza hiyo.

Ukikwama

*Sura imekuwa fupi mno, kurasa nne.* Angalia kama mwongozo wa idara unataja idadi ya kurasa. Kama hautaji, ziache nne. Kama unataja, ongeza mifano kutoka kwenye data chini ya kila mchango, wala usirudishe sifa ulizofuta.

*Msimamizi anasema mchango unaonekana mdogo, nikuze.* Usibishane naye juu ya maneno. Mpelekee ile karatasi ya safu tatu, umwombe akuonyeshe ni safu ipi inaruhusu dai kubwa zaidi. Mara nyingine atakuonyesha kweli, kwa kuwa yeye amesoma kazi ambazo hujazisoma. Mara nyingine atasema, "Basi acha ilivyo."

*Nimegundua mtu alishafanya utafiti kama wangu.* Isome kazi yake leo, si baada ya kutetea. Iingize Sura ya Pili, halafu jaza upya safu ya tatu. Akiwa amepata ulichopata wewe mahali pengine, mchango wako ni kwamba jambo hilo limeonekana mara ya pili, na hilo lina thamani yake. Akiwa amepata tofauti, tofauti hiyo ndiyo mchango.

*Matokeo hayakuunga mkono nilichotarajia.* Andika hivyo kwa *-li-*: ulitarajia nini, ukapata nini. Usiseme "kwa bahati mbaya".

*Idara inataka niandike "mtafiti" badala ya "mimi".* Fuata. Ila kagua sentensi zenye "imethibitika" na "imebainika". Zisomwapo hazisemi nani amebaini wala kwa data ipi. Badilisha ziwe "Jedwali la 4 linaonyesha", na msomaji atajua aende wapi kuangalia.

*Nimesoma mara kumi, sioni tena.* Mpe mtu asiye wa fani yako, awe ndugu au jirani anayesoma Kiswahili vizuri, asome aya mpya kwa sauti. Akimaliza ifunike karatasi, umwulize maswali mawili: nimegundua nini, na nini sikijui? Akiyajibu yote mawili kwa maneno yake, peleka kwa msimamizi. Akijibu la kwanza kwa kusema "umechangia sana elimu", rudi Hatua ya 2.